Nini kiwe kigezo, nini kiwe safu: itifaki ya mapitio ya upeo kuhusu afya ya akili ya wasichana balehe

*Shikamoo Mwalimu. Nasoma shahada ya uzamili ya afya ya jamii hapa Moshi. Naandika itifaki ya mapitio ya upeo kuhusu afya ya akili ya wasichana balehe katika mazingira yenye rasilimali duni. Msimamizi ameirudisha akisema vigezo vyangu vya kuchagua tafiti vinavuja, na fomu ya kuchukulia data ina safu 64 ambazo hakuna atakayezijaza. Rasimu nimeiambatanisha. Nirekebishe wapi?*

Marahaba. Nimeisoma rasimu, na naona malalamiko yote mawili ya msimamizi wako yana chanzo kimoja. Kigezo chako kikuu kinasema utachukua tafiti kuhusu "wasichana balehe wanaoishi katika mazingira magumu na wenye changamoto za afya ya akili". Sentensi hiyo inasomeka vizuri, lakini mpe mwenzako ikisiri 20 azichuje kwa kigezo hicho, nawe uzichuje peke yako, kisha mlinganishe. Mtagombana kabla ya ya kumi. Magumu kiasi gani? Changamoto iliyopimwa na nani? Balehe wa umri upi? Kwa kuwa kigezo hakikuamua, ukajikuta unayapeleka maswali yote kwenye fomu, na ndiyo maana imefika safu 64.

Kigezo kina kazi moja tu: watu wawili wanaosoma makala ileile bila kushauriana wafikie jibu lilelile, ndani au nje, kwa kutumia kilichoandikwa humo. Jambo lisiloweza kuamuliwa hivyo lisiwe kigezo, liwe safu kwenye fomu. Safu nayo ina haki ya kuwepo iwapo tu kuna swali dogo la mapitio yako linaloitegemea. Ukiishika kanuni hiyo, itifaki itabana na fomu itapungua.

Lakini hakikisha kwanza kwamba unachokitaka ni mapitio ya upeo kweli. Ukurasa wako wa kwanza unauliza kiwango cha sonona kwa wasichana hawa ni asilimia ngapi. Hilo ni swali la mapitio ya kimfumo, ambayo yana wajibu wa kupima ubora wa kila utafiti. Mapitio ya upeo, tangu Arksey na O'Malley walipoweka hatua zake mwaka 2005, yanauliza mambo mengine: nini kimechunguzwa, wapi, kwa wasichana gani, kwa vipimo vipi, na wapi hakuna aliyegusa. Swali la asilimia liondoe kabisa. Baki na maswali madogo matatu au manne ya aina hiyo ya pili, uyapange kwa mtindo wa taasisi ya JBI, inayotoa miongozo ya mapitio: watu, dhana na muktadha. Nitakwenda kwa mpangilio huo, nikikaa zaidi kwenye watu, maana uvujaji mkubwa uko hapo.

Shirika la Afya Duniani linahesabu balehe kuwa miaka 10 hadi 19, na nakushauri ushike hapo. Tatizo ni kwamba watafiti wengi hawakuchagua washiriki kwa kufuata mpaka huo. Tafiti za Virusi vya Ukimwi hupenda kundi la "wasichana balehe na wanawake vijana", mara nyingi miaka 15 hadi 24. Tafiti za shuleni huchukua darasa zima, na kidato cha sita utamkuta mwenye miaka 20. Tafiti za wajawazito huchukua kila aliyefika kliniki, kuanzia miaka 15 hadi 45, na wasichana wako wamo katikati yao. Kwa hiyo kusema tu "miaka 10 hadi 19" hakutoshi. Lazima useme utafanya nini na utafiti unaovuka mpaka.

Nitakupa mfano wa kubuni. Tuseme umepata utafiti wa wasichana 400 wanaohudhuria kliniki za tiba na matunzo Arusha, umri 15 hadi 24, wastani wa umri miaka 19.4. Jedwali lao la kwanza linaonyesha wa miaka 15–17 ni 118, wa 18–19 ni 97, na wa 20–24 ni 185. Sonona ilipimwa kwa dodoso la dalili liitwalo PHQ-9, na waliopata alama 10 au zaidi wameorodheshwa kwa makundi hayohayo: 31, 29 na 71. Ikisiri inasema asilimia 33 wana dalili za sonona.

Je, unaingia? Wapo wanaotumia kigezo cha wastani wa umri kuwa kati ya 10 na 19. Hapa wastani ni 19.4. Mwenzako atasema uko nje kwa sababu umepita 19, wewe utasema uko ndani kwa sababu msichana wa miaka 19 na miezi mitano bado ana miaka 19. Nyote mna hoja, maana yake kigezo kimevuja. Wengine hudai zaidi ya nusu ya sampuli iwe ndani ya umri. Hapa walio ndani ni 215 kati ya 400, yaani karibu asilimia 54, kwa hiyo unaingia. Wanaodai asilimia 80 watautupa.

Mimi singetumia lolote kati ya hayo peke yake. Utafiti uingie ikiwa washiriki wote wana miaka 10–19, au ikiwa angalau tokeo moja la afya ya akili limetolewa peke yake kwa walio ndani ya umri huo. Kwa kanuni hiyo utafiti wa mfano wetu unaingia, na kwenye fomu huandiki asilimia 33. Unaandika 60 kati ya 215, ambayo ni asilimia 28, na kwenye safu ya maelezo unaandika kwamba hesabu imefanywa na wachujaji kutoka jedwali lililochapishwa. Ungeingiza utafiti huo kwa kigezo cha nusu kisha ukaandika namba ya ikisiri, ungekuwa umewabebesha wasichana wa miaka 16 sonona ya wanawake wa miaka 23.

Kanuni hii ina gharama. Utapoteza tafiti ambazo watu wake wengi ni balehe ila waandishi hawakutenganisha matokeo. Usizipoteze kimyakimya. Kila moja iingie kwenye hesabu ya zilizoondolewa baada ya kusomwa makala kamili, sababu ikiwa "umri haukutenganishwa". Katika mapitio ya upeo hesabu hiyo yenyewe ni tokeo, kwa kuwa inaonyesha ni mara ngapi wasichana hawa huhojiwa kisha wakamezwa ndani ya kundi kubwa.

Jinsia inafuata mantiki hiyohiyo. Utafiti wa wavulana na wasichana uingie ikiwa matokeo ya wasichana yametolewa peke yake. Kuna utata mmoja utakaokutana nao mapema: makala inatoa kiwango cha jumla, kisha mwishoni inasema wasichana wana uwezekano wa mara 1.6 wa kuwa na wasiwasi uliopitiliza kuliko wavulana, basi. Je, hayo ni matokeo ya wasichana? Kwangu hapana. Namba hiyo inawalinganisha na wavulana, haikuambii lolote juu yao wenyewe. Unaweza kuamua vingine, ila uamue sasa na uandike, usisubiri ukutane nayo ukiwa umechoka kwenye makala ya mia tatu. Kwa tafiti za kimaelezo kazi ni nyepesi zaidi, kwa sababu nukuu nyingi huandikwa umri na jinsia ya msemaji. Nukuu yenye alama "msichana, miaka 16" inatosha kuuingiza utafiti.

Na kama anayeongea ni mama mzazi, mwalimu au mhudumu wa afya ngazi ya jamii, anaelezea hali ya mabinti? Rasimu yako haijagusa hilo. Mimi ningeuingiza utafiti huo mradi kinachoelezwa ni afya ya akili ya wasichana wa umri huo, kisha niweke safu ya "nani ametoa taarifa". Huko mbele utataka kujua ni tafiti ngapi zilimsikiliza msichana mwenyewe.

Kwenye dhana, umeandika "matatizo ya afya ya akili" na kuyafafanua kwa uchunguzi wa kitabibu. Kwa nchi zetu hapo umefunga mlango karibu wote, kwa sababu tafiti nyingi za jamii na shule hutumia dodoso la dalili, na wala haina maana kwamba daktari wa magonjwa ya akili alimwona msichana. Panua: dalili za sonona, wasiwasi, msongo baada ya kiwewe, kujidhuru, mawazo ya kujiua, msongo wa mawazo kwa ujumla, na ustawi wa kisaikolojia. Halafu weka mpaka upande wa pili: matumizi ya pombe peke yake, kifafa, na ulemavu wa akili viwe nje isipokuwa vimeunganishwa na mojawapo ya hayo. Kifafa nakitaja kwa sababu. Katika vituo vyetu vingi hushughulikiwa kwenye kliniki ileile ya afya ya akili, na mtu anaweza kukiingiza bila kufikiri.

Sasa muktadha. "Rasilimali duni" ndilo fungu gumu kuliko yote, na ndipo wengi huandika aya nzuri isiyochuja chochote. Kipimo ambacho watu wawili watakubaliana ni nchi: orodha ya Benki ya Dunia ya nchi za kipato cha chini na cha kati. Sema pia unatumia orodha ya mwaka gani, kwa sababu hupitiwa kila Julai. Tanzania yenyewe ilihama kutoka kipato cha chini kwenda kipato cha kati cha chini Julai 2020. Ukichagua nchi za kipato cha chini peke yake, basi data ya Moshi ya mwaka 2018 ingeingia na ya mwaka 2022 ingetoka, huku shule ni ileile na muuguzi ni yuleyule. Chukua makundi ya chini, kati cha chini na kati cha juu kwa pamoja, kwa orodha inayotumika siku ya kutafuta, na tatizo hilo linaisha.

Najua utanijibu kwamba nchi si mazingira. Kweli. Arusha ina shule zenye mshauri nasaha wake, na kilomita chache tu kutoka hapo kuna shule ya kata ambayo mwalimu wa ushauri ana vipindi 28 kwa wiki. Lakini jaribu kutenganisha hizo mbili kwa kusoma ikisiri. Haiwezekani, mara nyingi hata makala kamili haisemi. Kwa hiyo nchi inakuwa kigezo, na mazingira yanakuwa safu: mjini au kijijini, shule ya bweni au ya kutwa, kliniki, kambi ya wakimbizi, kaya. Safu nyingine iandike waandishi wenyewe walilielezeaje fungu la rasilimali duni, kama walilieleza. Utashangaa ni wangapi wanalitumia kwenye kichwa cha habari bila kulieleza ndani.

Kabla sijafika kwenye fomu, neno moja la kutafuta, kwa sababu umri unavuja na huku pia. Umeandika kwamba utatumia neno "Adolescent" la MeSH, ile orodha ya maneno ya mada ambayo makala za PubMed huwekewa, pamoja na kichujio cha umri. Kwenye PubMed neno hilo linabeba miaka 13 hadi 18 tu. Msichana wa miaka 11 yuko chini ya "Child", na wa miaka 19 yuko chini ya "Young Adult". Tena zipo makala ambazo hazijawekewa maneno hayo kabisa, na kichujio cha umri huziacha. Tumia MeSH na maneno huru kwa pamoja, usiweke kichujio cha umri wala cha jinsia, umri utauamua kwenye kuchuja. Sehemu ya watu iwe kama hivi:

```
("Adolescent"[Mesh] OR adolescen*[tiab] OR teen*[tiab]
OR girl*[tiab] OR schoolgirl*[tiab] OR "young women"[tiab]
OR "young people"[tiab] OR youth*[tiab])
```

Itakuletea takataka nyingi, sawa, ndiyo kazi ya kuchuja. Usiishie PubMed. Nenda PsycINFO kwa sababu ya mada, nenda African Index Medicus na AJOL kwa sababu majarida mengi ya kwetu hayamo kwenye zile kubwa, na nenda kwenye hazina za tasnifu za vyuo. Tasnifu ya uzamili mara nyingi huzaa makala mwaka mmoja au miwili baadaye, hivyo utakutana na utafiti mmoja kwa sura mbili. Kila chapisho lipe namba yake na kila utafiti namba yake, ili wasichana walewale wasihesabiwe mara mbili. Kuhusu mwaka wa kuanzia, umeandika 2010 bila sababu. Ama toa sababu, ama usiweke mwaka.

Fomu sasa. Nimepitia safu zako 64 nikiuliza kila moja inajibu swali gani kati ya yale madogo. Nyingi hazina jibu. Ina faida gani kwako kujua jina la programu ya takwimu waliyotumia, au chuo cha mwandishi wa tatu? Safu za kupima ubora wa utafiti, ambazo ni 11, zitoe pia. Kwenye mapitio ya upeo kupima ubora ni hiari, na kama hutazitumia matokeo hayo popote, unajiongezea kazi bure. Utakazobakiza ni za utambulisho wa chapisho, nchi na mazingira, aina ya utafiti, wasichana wenyewe (idadi, umri, hali yao kama ujauzito, kuolewa, kuishi na VVU, ukimbizi), dhana iliyochunguzwa, kipimo, nani alitoa taarifa, tokeo kuu la wasichana, na pengo ambalo waandishi wamelitaja. Hazitazidi 25.

Kwenye kipimo usibane, kwa sababu hapo ndipo mapitio mengi hupoteza maana. Uliweka safu moja, "chombo". Mimi ningeweka nne: jina la dodoso, lugha lililoulizwa, alama ya kukatia, na kama lilithibitishwa kwa vijana wa nchi hiyo. Chukua PHQ-9. Alama zake zinakwenda 0 hadi 27 na inauliza wiki mbili zilizopita. Mtafiti mmoja anasema mwenye alama 10 ana sonona, mwingine anaanzia 5 na kuiita pia sonona. Ukiwa na safu ya jina pekee, tafiti hizo mbili zitaonekana zinasema kitu kimoja, na utaandika kwamba kiwango kinatofautiana kati ya mikoa ilhali kinachotofautiana ni alama. SDQ nayo, dodoso jingine lenye maswali 25, haipimi sonona. Ina kipengele cha hisia chenye maswali matano, na wako waandishi wanaokiita sonona kwenye ikisiri. Wewe andika kilichopimwa, halafu safu ya pembeni iandike waandishi walikiitaje. Mahali makala haikusema, usiache wazi, andika "haijatajwa". Kisanduku kitupu hakisemi kama makala imenyamaza au mjazaji amesahau.

Vigezo vikikamilika, vijaribuni kabla ya kazi yenyewe. JBI wanashauri kuchukua vichwa na ikisiri 25 kwa bahati nasibu, kila mchujaji afanye peke yake, na kuanza rasmi pale makubaliano yanapofika asilimia 75 au zaidi. Angalieni pia mmetofautiana wapi. Mkikubaliana 19 kati ya 25, ni asilimia 76, mmepita. Lakini kama zile sita zilizobaki zote ni za umri, kigezo cha umri bado kinavuja: irekebisheni sentensi yake, mchukue 25 nyingine. Fomu nayo ijaribiwe kwa makala tano hadi kumi, kila mmoja akijaza yake, na uzichague kwa makusudi ziwe tofauti: dodoso la shuleni, mahojiano ya wasichana waliojifungua, jaribio la afua, tasnifu. Fomu iliyojaribiwa kwa madodoso matupu hukwama kwenye mahojiano ya kwanza, kwa kuwa safu ya "tokeo kuu" inadai asilimia na hapo kuna masimulizi. Safu ambayo ninyi wawili mmeijaza tofauti katika makala tatu au zaidi, au maelezo yake hayatoshi au haihitajiki.

Umeandika pia kwamba mwishoni utawashirikisha wasichana wa shule za Moshi ili watoe maoni juu ya matokeo. Hatua hiyo inaruhusiwa, na mimi naipenda, ila inabadilisha hadhi ya kazi. Kupitia machapisho peke yake hakuhusishi washiriki, ilhali ukikaa na msichana wa miaka 15 kuzungumzia kujidhuru unahitaji kibali cha maadili, ridhaa ya mzazi au mlezi, ukubali wa msichana mwenyewe, na mpango ulioandikwa wa nani atampokea akionyesha yuko hatarini. Kama muda wa shahada hautoshi kwa hayo, iondoe hatua hiyo kwenye itifaki sasa.

Usipoteze muda na PROSPERO, sajili ya itifaki za mapitio ya kimfumo, hawapokei mapitio ya upeo. Sajili kwenye tovuti ya OSF kabla ya kuanza kutafuta, ukiambatanisha fomu tupu pamoja na ukurasa mmoja wa maelezo ya kila safu. Ripoti ya mwisho itafuata PRISMA-ScR, mwongozo wa kuripoti mapitio ya upeo, lakini orodha yake ipitie sasa hivi, kwa sababu inadai vigezo vyenye sababu zake na mkakati kamili wa kutafuta kwa angalau kanzidata moja. Mabadiliko yoyote baada ya kusajili yaandike kwa tarehe na sababu. Kwenye fomu utayafanya tu, na hakuna atakayekulaumu, kwani katika mapitio ya upeo fomu hutarajiwa kukua kadiri unavyosoma. Kigezo ukikibadilisha katikati, rudia kuchuja zote ulizokwisha kupitia.

Kigezo cha umri na cha jinsia andika upya leo, umpe msimamizi pamoja na ule mfano wa wasichana 400, umwombe auamue bila kuuliza chochote.